Hotuba ya mwalimu mkuu kuhusu maktaba: namna ya kuiandaa ili watoto waingie siku hiyo hiyo

Hotuba yangu ya kwanza kuhusu maktaba niliitoa mstarini, Jumatatu moja, jua likiwa limeshapanda. Nilizungumza kwa dakika 20 hivi. Nikawaambia watoto kwamba maktaba ni hazina, kwamba elimu ni nuru, kwamba asiyesoma atakuja kujuta. Wakapiga makofi. Wiki nzima iliyofuata daftari la kuazima lilipata majina manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya viranja waliotumwa na mwalimu wa zamu kwenda kufuta vumbi.

Nikamwita binti mmoja wa darasa la sita, msomaji mzuri tu, nikamuuliza mbona hakuingia. Akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, vitabu tunavyo darasani."

Jibu lile ndilo lililonifunza. Kwa mtoto huyu kitabu ni kitabu cha kiada: kinaanza sura ya kwanza, kinakwenda na muhtasari wa somo, mwalimu ndiye anayesema leo tufungue ukurasa gani. Hajawahi kuonyeshwa kwamba viko vitabu visivyosomwa hivyo, vitabu unavyoviingilia katikati ukiwa na swali lako mkononi, unachukua ulichokijia, unatoka. Kamusi ni hivyo. Atlasi ni hivyo. Kijitabu cha ufugaji ni hivyo, na rundo la magazeti ya zamani pia. Hotuba ya maktaba inayofaa kazi yake ni hiyo moja: kumwonyesha mtoto mlango wa kuingilia katikati ya kitabu. Ninaeleza hapa ninavyoiandaa sasa, kwa mwalimu mwenzangu atakayetaka kuijaribu katika shule ya msingi ya kawaida, yenye chumba kimoja cha vitabu na mwalimu wa maktaba ambaye pia ana vipindi vyake.

Kwanza ingia maktabani peke yako

Siku chache kabla ya hotuba, ingia na daftari, ukae saa nzima. Andika vilivyomo, lakini uandike vile tu ambavyo mtoto anaweza kuvishika kesho. Kabati lililofungwa na ufunguo wake uko kwa mwalimu aliye likizo usilihesabu. Kompyuta isiyowaka usiihesabu. Ukimwahidi mtoto kitu mstarini akaja akakikosa, hatakuja mara ya pili, na atawaambia na wenzake.

Kwangu nilikuta kamusi tatu za Kiswahili, moja haina jalada wala kurasa za mwanzo; atlasi kumi na moja; vijitabu vya kilimo na mifugo; magazeti yaliyofungwa kwa kamba mwezi kwa mwezi; vitabu vya hadithi rafu mbili; na chati za mwili wa binadamu zilizokunjwa nyuma ya mlango.

Atlasi zipime umri. Njia ya haraka ni kutazama ramani ya Sudan: ikiwa ni nchi moja, atlasi hiyo ilichorwa kabla ya Julai 2011, Sudan Kusini ilipopata uhuru. Kisha tazama ramani ya mikoa ya Tanzania. Usipoiona Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, ni ya kabla ya 2012. Ukiiona hiyo minne lakini huioni Songwe, ni ya kabla ya 2016. Usizitupe za zamani. Milima na maziwa yako pale pale, na watoto hufurahi sana kuikamata atlasi ikiwa imepitwa na wakati. Ila bandika karatasi kwenye jalada: "Mikoa ya zamani."

Chagua swali moja, ulipitie mwenyewe

Hotuba yako isibebe maktaba nzima. Ibebe swali moja. Wiki moja kabla, gawa vikaratasi kuanzia darasa la nne hadi la saba, kila mmoja aandike kitu anachotaka kukijua ambacho hajafundishwa. Majina yasiandikwe. Utapata maswali ya mpira, ya majini, ya kwa nini mtu hupiga chafya. Chagua lile lenye sifa mbili: liwe limeulizwa na wengi, na rafu zako ziwe na jibu lake.

Langu lilikuwa la kuku. Vikaratasi kadhaa viliuliza, kila kimoja kwa maneno yake, kwa nini kuku wa nyumbani hufa wote kwa wiki moja. Mmoja aliandika: "Kuku wetu walilegea mabawa, shingo ikapinda, wakaisha. Walirogwa?"

Sasa lipitie swali hilo mwenyewe, ukiwa na mwanafunzi mmoja pembeni na saa mezani. Usimsaidie. Mimi nilikaa na kijana wa darasa la tano. Nikamwambia aanze na neno asilolijua vizuri, akasema anataka kuona kama "mabawa" na "mbawa" ni kitu kimoja. Akafungua kamusi kwenye M. Akatafuta, akarudi nyuma, akaenda mbele. Dakika tatu zikapita. "Mwalimu, kamusi hii haina mabawa."

Kamusi ilikuwa nayo, ila kwenye B, kwa sababu nomino huingizwa kwa umoja: mabawa yako chini ya *bawa*, meno yako chini ya *jino*, macho chini ya *jicho*. Vitenzi navyo havikai na viambishi vyake. Anayetafuta "walilegea" kwenye W atakesha. Aende L, kwenye *legea*. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sikuwahi kufikiri kwamba hapo ndipo watoto wanapoachia kamusi. Anatafuta neno mara mbili, halioni, anahitimisha kwamba kitabu ni kibovu au yeye ni mjinga, anakirudisha.

Ndiyo maana nasema lipitie swali kwanza. Pale mtoto alipokwama ndipo hotuba yako inapopaswa kukaa muda mrefu.

Kutoka kwenye kamusi tulikwenda kwenye rafu. Vitabu vyetu vina namba mgongoni, zile za Dewey zinazotumika katika maktaba nyingi duniani. Mtoto hahitaji kuzijua zote. Anahitaji kujua kwamba namba ni anwani, na kwamba vitabu vya jambo moja hukaa jirani: 630 ni kilimo, ndani yake 636 ni wanyama wanaofugwa, na 636.5 ni kuku na ndege wengine wa kufugwa. Ikiwa shule yako haina namba, bandika karatasi za rangi, inatosha.

Kijitabu cha kuku tulichokipata kina kurasa zaidi ya sabini. Kijana akaanza kukisoma ukurasa wa kwanza, kama alivyozoea. Nikamzuia, nikamwambia ageuze mwisho kabisa. Pale kuna faharasa: maneno kwa mpangilio wa alfabeti, kila neno na namba za kurasa linapopatikana. Chini ya "shingo kupinda" hapakuwa na kitu. Chini ya "magonjwa" palikuwa na orodha, na katika orodha hiyo kulikuwa na kideri. Tukafungua ukurasa. Mabawa kulegea, kupumua kwa shida, kuhara kinyesi cha kijani, shingo kupinda, vifo vingi kwa muda mfupi. Ndicho hicho. Kwetu wengi wanakiita mdondo.

Safari yote ilichukua dakika 14. Kijana akanitazama akasema, "Kumbe hawakurogwa."

Andika hotuba kama safari hiyo hiyo

Hotuba iandikwe kwa mpangilio wa safari, na isizidi dakika kumi. Watoto wa darasa la kwanza na la pili huanza kuyumba baada ya dakika sita, kwa hiyo kama inawezekana wape ruhusa waende, wabaki wa darasa la tatu na kuendelea. Nyumbani jaribu kuisoma kwa sauti na saa. Kinachosomeka dakika nane mezani huchukua dakika kumi mstarini, kwa sababu ya kicheko na majibu.

Hii ndiyo niliyoitoa, na ninaiweka karibu ilivyokuwa.

"Hamjambo wanangu. Leo sitawaambia msome. Leo nataka mnisaidie kutafuta kitu.

"Mmoja wenu ameniandikia kwamba kuku wao walilegea mabawa, shingo zikapinda, wakafa wote. Wangapi limewatokea nyumbani? Nyosheni mikono. Haya, shusheni. Mnaona, si nyumba moja.

"Kitabu chenu cha sayansi kinataja magonjwa ya wanyama, lakini hakiwezi kueleza kila ugonjwa. Kina muhtasari wa kufuata. Kwa hiyo tutatoka nje ya vitabu vya darasani. Mkononi nina vitu viwili nimevitoa maktabani asubuhi hii, na nitavirudisha leo leo.

"Hiki cha kwanza ni kamusi. Nataka neno 'mabawa'. Nifungue herufi gani? ... M? Wote mnasema M. Kaka mkuu, njoo ufungue M utusomee. ... Halipo. Basi kamusi imekosea? Hapana. Kamusi hairundiki vitu kwa wingi, inaweka kimoja kimoja. Mabawa, ukitaka moja tu, utasemaje? Bawa. Sasa fungua B. ... Umeliona? Lisome kwa sauti.

"Jaribuni wenyewe. 'Meno' nitalipata wapi? ... Nani amesema J? Umepata. Jino. Na 'wanakohoa'? ... Ondoeni 'wana'. Imebaki nini? K. Vizuri.

"Hiki cha pili ni kijitabu cha ufugaji wa kuku. Kina kurasa nyingi, na mimi sina muda wa kuzisoma zote, wala nyie hamna. Tazameni ninavyofanya: ninakigeuza nyuma. Huku nyuma kuna orodha ya maneno na namba. Inaitwa faharasa. Ninatafuta 'magonjwa', inanipeleka ukurasa wa ugonjwa mmoja mmoja. Sikuanza mwanzo, wala sikuchungulia chungulia. Nimeuliza, kitabu kimenijibu.

"Kinasema ugonjwa huu ni kideri, ule mnaouita mdondo. Unaletwa na kirusi. Kuku akishaugua hakuna dawa ya kumponya. Lakini kuna chanjo, ya tone la jichoni: kuku mmoja, jicho moja, tone moja. Inatolewa kwa kuku wazima, kabla ugonjwa haujaingia, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Chupa moja ni ya kuku wengi, kwa hiyo nyumba za jirani huchanga wakachanja siku moja. Ukifika nyumbani mwambie mama au baba maneno hayo, na mwambie amwone afisa mifugo wa kata kabla ya kununua chochote.

"Vitabu hivi vina anwani. Mgongoni mwa kijitabu hiki pameandikwa 636.5. Ukisimama mbele ya namba hiyo, kushoto na kulia vitabu vyote ni vya wanyama wa kufugwa. Mtu wa mbuzi asogee kidogo nyuma, mtu wa sungura asogee mbele.

"Sasa vitu ambavyo sina nafasi ya kuvifungua hapa. Kuna atlasi, na humo mna kosa moja la mikoa ambalo sitawaambia. Atakayeliona aje ofisini aniambie. Kuna magazeti ya miaka iliyopita, mnaweza kutafuta yaliyoandikwa mwezi mliozaliwa, kama tunalo. Na kuna hadithi. Hadithi hazina mtihani. Ukiifungua hadithi ukurasa wowote, hesabu kwa vidole maneno usiyoyajua; vikifika vitano kabla ukurasa haujaisha, kirudishe uchukue kingine. Hakuna atakayekuuliza.

"La mwisho, najua mnaogopa kuchana kitabu. Kikichanika, kilete na kipande chake. Tuna gundi. Hutachapwa, hutatozwa. Kikipotea, njoo na mzazi tuzungumze, si kwa polisi. Maktaba iko wazi sasa hivi, mapumziko ya saa nne, na mwalimu yuko mlangoni."

Sehemu za kuangalia unapoitoa

Ile sehemu ya kamusi ndiyo roho ya hotuba, usiikate hata muda ukibana. Watoto 300 wakipaza sauti "M!" kisha wakakosa, wanapata kitu ambacho maelezo yako hayawezi kuwapa. Lakini mwandae kaka mkuu au dada mkuu siku moja kabla, ajue kurasa. Mara moja nilimwita mtoto bila kumwandaa, akahangaika na kurasa mbele ya shule nzima, wenzake wakaanza kucheka, nikaona nimemdhalilisha. Hilo lilikuwa kosa langu.

Maelezo ya chanjo yasome kutoka kwenye karatasi, usiyatoe kichwani. Watoto huyafikisha nyumbani neno kwa neno, na ukikosea utakuta baba mtu amenunua kitu kisichofaa kwa kauli ya mwalimu mkuu. Ukichagua swali la ugonjwa wa binadamu badala ya kuku, omba mhudumu wa zahanati aisome sehemu hiyo kwanza.

Kuhusu ahadi ya vitabu vilivyochanika: zungumza na walimu wako kabla ya kuitoa. Shule moja niliyowahi kufanya kazi, mwalimu mkuu alitangaza hakuna faini, na wiki ile ile mwalimu wa darasa akamtoza mtoto. Uazimaji ukafa pale pale, na haukurudi mwaka ule. Ukiwa huna hakika walimu wako pamoja nawe, kaa kimya juu ya faini. Ahadi inayovunjwa ni mbaya kuliko kutoahidi.

Na ule mlango. Hotuba ikiisha saa nne kasorobo, ufunguo uwe umeshazungushwa. Mweke mtu mlangoni, vitabu vya 636 viwe vimetolewa mezani, kamusi zote zimefunguliwa kwenye B. Chumba kikiwa kidogo, ingiza ishirini ishirini, darasa la tatu kwanza, maana wakubwa hujipitishia wenyewe baadaye. Siku ile niliyoitoa, msururu ulifika kwenye mti wa mwembe. Sehemu kubwa walikuwa wanatafuta kosa la atlasi, si kuku. Sikulalamika.

Baada ya siku ile

Ile wiki ya kwanza isikudanganye. Wengi huingia kwa kufuata mkumbo. Pima wiki ya tatu. Daftari letu la kuazima lilikuwa na safu za jina, darasa, kitabu na tarehe. Tukaongeza moja: "Umekuja kutafuta nini?" Safu hiyo ndiyo inayokuonyesha kama hotuba imeingia. Ukiona wanaandika "kusoma" au "kitabu", bado wanaingia kama wanavyoingia darasani. Ukiona "njia ya kuzuia panya", "Kigoma iko mbali kiasi gani", "maana ya neno", basi wanaingia na swali.

Ishara nyingine iko kwenye vitabu vyenyewe. Tazama kurasa za mwisho za vile vijitabu. Vikianza kuchafuka alama za vidole kwenye faharasa, watoto wamejifunza kugeuza nyuma. Kamusi nayo hukunjika pale inapofunguliwa sana.

Kitakachokushinda ni vitu, si watoto. Kamusi tatu kwa shule nzima hupangiwa foleni, na baada ya mwezi ile isiyo na jalada iliachana vipande. Tuliishona kwa uzi na sindano ya viatu, kurasa za mwanzo tukazinakili kwa mkono kutoka kwenye kamusi nzima. Atlasi zilistahimili. Magazeti hayakustahimili hata kidogo. Mtu alikata picha za mpira kwa wembe, na sasa magazeti yanasomwa mezani tu, mbele ya mwalimu.

Hotuba ya pili huitafuti kwenye vikaratasi tena, inatoka kwenye ile safu ya daftari. Mwishoni mwa muhula nilikaa mezani na mwalimu wa maktaba tukaipitia mstari kwa mstari. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa ameandika, kwa mwandiko mkubwa unaotoka nje ya mstari: "Kwa nini paka wetu anakula majani." Pembeni mwalimu ameandika kwa penseli 636.8, na chini yake: hatuna. Nimekiweka kwenye orodha ya kununua, juu ya chaki.